Malengelenge ya Uzeeni: Vinyama Viwili, Chupa Mbili

Ugonjwa huu hauanzi na malengelenge. Huanza na mwasho. Mzee wa miaka 75 au 80, ambaye ngozi yake haijawahi kumsumbua, anaanza kujikuna mapajani, tumboni, ubavuni na upande wa ndani wa mikono. Mchana anavumilia, usiku halali. Wanaomtunza wakimtazama hawaoni kitu kikubwa: alama za kucha tu, labda na mabaka yaliyovimba kidogo kama ya mtu aliyekula kitu kisichompenda. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo hayawi mekundu kama yanavyoonekana katika picha nyingi za vitabu vya udaktari. Huwa ya kahawia iliyokolea au zambarau, na ukipitisha kiganja juu yake unahisi yameinuka.

Wiki zinapita, wakati mwingine miezi. Zahanati inampa Piritoni. Duka la dawa linauza mafuta ya fangasi. Jirani anasema ni upele, basi nyumba nzima inapakwa dawa ya upele na mashuka yanachemshwa, lakini mzee anaendelea kujikuna. Mwingine anaambiwa ana pumu ya ngozi, anapewa krimu nyepesi, anapata nafuu ya siku chache kisha hali inarudi pale pale.

Halafu yanatokea malengelenge. Lengelenge moja linaweza kuwa na upana wa sentimita 1 hadi 4, limejaa maji ya manjano hafifu, mara nyingine yenye damu, na limevutika kiasi kwamba mzee akililalia halipasuki. Yanapenda mapaja, kinena, tumbo la chini, makwapa na mikunjo ya viwiko na magoti. Mengine huota juu ya yale mabaka yanayowasha, mengine juu ya ngozi iliyoonekana nzima jana yake. Kwa mzee aliyekwisha kujikuna kwa wiki nyingi, picha hii inapaswa kumfanya mhudumu wa afya afikirie kwanza ugonjwa mmoja: pemfigoidi ya malengelenge.

Si ugonjwa wa kuambukiza. Hauletwi na uchafu, wala haukutumwa na mtu. Ni kinga ya mwili ya mzee mwenyewe iliyogeuka na kuishambulia ngozi yake. Hata hivyo, ninachotaka kukieleza kwa kirefu hapa si chanzo chake. Ni hatua moja ambayo mara nyingi inarukwa: kuchukua vinyama vya ngozi kwa ajili ya vipimo kabla ya kumwanzishia mzee vidonge vya kutuliza kinga. Hatua hiyo huchukua dakika zipatazo 20. Ikirukwa, mzee anaweza kumeza dawa nzito kwa mwaka mzima kwa ugonjwa ambao si wake.

Ili kuelewa kwa nini macho peke yake hayatoshi, fikiria ukuta wa tofali uliopigwa lipu. Tabaka la juu la ngozi ndilo lipu, ngozi ya ndani ndiyo tofali, na kati yake kuna utando mwembamba unaozishikamanisha. Katika pemfigoidi, kingamwili huvamia protini zilizo kwenye utando huo, hasa ile inayoitwa kolajeni ya 17. Zikishanasa pale, huita chembe nyeupe za damu, nyingi zikiwa za aina ya eosinofili, ambazo humwaga kemikali zinazoukata mshikamano. Kemikali hizo hizo, pamoja na vichocheo vinavyoziita chembe hizo, ndizo zinazoleta mwasho, na ndiyo maana mwasho hutangulia: vita vimeanza, lakini lipu bado haijabanduka. Mshikamano ukishakatika, lipu yote inainuka kutoka kwenye tofali na maji yanajaa nyuma yake. Kwa kuwa tabaka lililoinuka lina unene wake wote, lengelenge huwa gumu na huchukua siku kadhaa bila kupasuka.

Kuna ugonjwa mwingine wenye jina linalokaribiana na hili, pemfigasi. Huo hupasua lipu yenyewe katikati, kwa sababu kingamwili zake hushambulia viunganishi kati ya chembe moja na nyingine ndani ya tabaka la juu. Lengelenge lake lina paa jembamba, hulegea na kupasuka mapema, na mara nyingi mgonjwa hufika hospitali akiwa na vidonda vibichi bila lengelenge hata moja. Kwa wengi vidonda huanzia kinywani. Kwa muda mrefu magonjwa haya mawili yalihesabiwa kuwa kitu kimoja. Ni mwaka 1953 ambapo daktari Walter Lever, kwa kutazama ngozi za wagonjwa kwa hadubini, alionyesha kwamba kuna kundi ambalo ngozi yao hupasukia chini ya tabaka la juu, si ndani yake, na kundi hilo huishi muda mrefu zaidi. Mwaka 1967, Robert Jordon, Ernst Beutner na wenzao wakaonyesha kwamba wagonjwa wa pemfigoidi wana kingamwili zinazonasa kwenye ule utando. Kwa hiyo ugonjwa huu, tangu siku ulipotambuliwa, ulitambuliwa kwa kutazama kipande cha ngozi. Jicho lilikuwa limeutazama miaka mingi bila kuutenga.

Tumchukulie bibi wa miaka 79 anayeishi na mwanawe wa kiume. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukabaki dhaifu. Ana shinikizo la damu na kisukari. Amejikuna kwa wiki saba. Siku nne zilizopita malengelenge yametokea mapajani na tumboni, sasa ni kama 15, na mawili yamepasuka yakaacha vidonda. Hana homa. Kinywani hana kidonda. Uzito wake ni kilo 50.

Daktari wa ngozi anayemjua mgonjwa wa namna hii anaanza na maswali kuhusu mambo mawili ambayo familia haikutarajia kuulizwa. La kwanza ni hicho kiharusi. Pemfigoidi huonekana zaidi kwa wazee waliowahi kupata kiharusi, wenye ugonjwa wa kusahau au wenye ugonjwa wa kutetemeka uitwao Pakinsoni. Protini zinazoshambuliwa kwenye ngozi zina ndugu zake ndani ya ubongo, na wataalamu wanadhani ubongo ukiumia, kinga ya mwili huziona protini hizo kwa mara ya kwanza na kuzifanya adui. La pili ni dawa. Daktari anamwomba mwanawe amwage mezani kila kidonge ambacho bibi anameza. Kuna kundi la dawa za kisukari ambazo majina yake huishia na "gliptini", kama vildagliptini, sitagliptini na linagliptini, ambazo zimehusishwa waziwazi na ugonjwa huu, hasa vildagliptini, na mwasho unaweza kuanza miezi mingi baada ya kuanza kuzimeza. Baadhi ya dawa za kukojosha maji zimetajwa pia. Bibi wetu anameza vildagliptini tangu mwaka jana. Hilo linaandikwa kwenye faili kwa herufi kubwa, na daktari wake wa kisukari ataombwa ambadilishie. Asiiache mwenyewe nyumbani kabla hajapewa nyingine, maana sukari ikipanda itamletea balaa jingine.

Sasa daktari ana picha kamili: umri, wiki za mwasho, malengelenge magumu, mahali yalipo, kinywa kisicho na vidonda, kiharusi, gliptini. Mtu anaweza kuuliza, si basi? Mbona dalili zote zimetimia?

Hazijatimia kwa sababu magonjwa mengine huvaa sura hii hii. Upele wenyewe, ule wa kuambukizana, kwa wazee huweza kutoa malengelenge magumu yanayofanana mno na ya pemfigoidi, na mzee mwenye upele akipewa vidonge vya kutuliza kinga, wadudu huzaliana mwili mzima. Kisukari cha muda mrefu huweza kuotesha malengelenge miguuni bila mwasho wala kingamwili yoyote. Miguu iliyovimba maji kwa ugonjwa wa moyo hutoa malengelenge pia. Kuna mzio wa dawa unaounguza ngozi kwa siku chache, na huo ni dharura. Kuna mkanda wa jeshi, lakini huo hufuata upande mmoja wa mwili na huuma zaidi ya kuwasha. Pemfigasi nayo si kila mara hulegea kama vitabu vinavyosema. Tena kuna ndugu wa karibu sana wa pemfigoidi, ambamo kingamwili hushambulia kolajeni nyingine iliyo chini kidogo, ile ya 7. Kwa macho unaweza usiutofautishe kabisa, lakini huacha makovu na hukaidi dawa ambazo pemfigoidi huzitii.

Kwa hiyo daktari anamwambia bibi kwamba atachukua vinyama viwili vidogo vya ngozi. Mwanawe anashtuka. Kwetu neno la kuchukua kinyama limefungamana na saratani kiasi kwamba likitajwa tu familia huanza kulia.

"Daktari, kwani mama ana saratani?"

"Hapana. Sitafuti saratani. Nataka kujua ngozi ya mama inapasukia wapi, na ni nini kimenasa pale inapopasukia. Kwa macho siwezi kuona."

"Sasa mbona viwili?"

Jibu la swali hilo ndilo moyo wa jambo lote, na ningependa kila muuguzi na kila mwana wa mgonjwa alijue. Vinyama viwili vinajibu maswali mawili tofauti, vinatoka sehemu mbili tofauti, na vinasafiri katika maji mawili tofauti. Ukivichanganya, umepoteza kimoja.

Kinyama cha kwanza ni cha kuonyesha mahali ngozi inapopasukia. Hutolewa kwenye ukingo wa lengelenge jipya, sehemu ndogo ikiwa ya lengelenge na sehemu kubwa ikiwa ya ngozi ya pembeni. Si katikati ya lengelenge, kwa sababu pale kisu kikipita paa linang'oka na mtaalamu wa maabara anabaki na vipande viwili visivyojulikana vilishikana vipi. Na lazima liwe lengelenge changa, la siku moja au mbili. Lengelenge likizeeka, ngozi mpya huanza kuota kwenye sakafu yake ili kuponya kidonda, na chini ya hadubini mpasuko uliokuwa chini ya tabaka la juu huonekana kana kwamba uko ndani yake. Pemfigoidi ikasomeka kama ugonjwa mwingine, na kosa si la aliyesoma bali la aliyechagua lengelenge. Ndiyo maana daktari mzuri humuuliza anayemwogesha mzee: lipi limetokea usiku wa kuamkia leo? Swali hilo hakuna mashine inayoweza kulijibu. Mtoto au mjukuu anayemgeuza mzee kitandani ndiye anayejua.

Kinyama hicho huingizwa kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa inayokaza na kuhifadhi, na maabara nyingi za patholojia za hospitali za rufaa zinaweza kukisoma. Wanachokitafuta ni mpasuko chini ya tabaka la juu, na ndani yake kundi la zile eosinofili.

Kinyama cha pili ni cha kuonyesha kilichonasa. Hiki hakitoki kwenye lengelenge kabisa. Hutoka kwenye ngozi inayoonekana nzima, ndani ya sentimita moja kutoka ukingo wa lengelenge, kwa kuwa ndani ya lengelenge lenyewe chembe za uvimbe zimeshazila zile kingamwili, na ukipima pale unaweza usizikute. Ni vyema pia kisitoke mguuni chini ya goti, maana vipimo vya kutoka huko hutoa jibu la uongo la "hakuna kitu" mara nyingi zaidi ya vya sehemu nyingine za mwili. Kwa bibi wetu, paja au tumbo panafaa.

Maabara hukikata kinyama hiki vipande vyembamba sana kikiwa kimegandishwa, wakavimwagia kemikali yenye rangi ya mng'ao inayoshikamana na kingamwili za binadamu, kisha wakavitazama kwa hadubini ya taa maalumu gizani. Kwa mgonjwa wa pemfigoidi huonekana mstari mmoja mwembamba wa kijani uking'aa, umenyooka bila kukatika kando ya ule utando. Kwa mgonjwa wa pemfigasi mng'ao huzunguka kila chembe ya tabaka la juu, kama wavu. Kwa mwenye malengelenge ya kisukari au ya miguu iliyovimba hakuna mng'ao wowote. Kipimo hiki ndicho chenye kauli kubwa zaidi katika kuutambua ugonjwa huu, na kina thamani ya pekee kwa mzee ambaye bado yuko kwenye hatua ya mwasho bila malengelenge, kwani kwake hadubini ya kawaida huona uvimbe tu usio na jina.

Na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kinyama hiki kikitumbukizwa kwenye fomalini, kimeharibika. Fomalini huzigandisha protini na kuzifunga, kemikali ya mng'ao haishiki tena, na jibu hurudi kwamba hakuna kilichoonekana. Familia inaambiwa kipimo ni safi, kumbe kipimo hakikufanyika. Kinatakiwa kiwekwe kwenye maji maalumu ya kusafirishia yaitwayo maji ya Mikeli, ambayo hukihifadhi kwa siku kadhaa bila barafu. Yakikosekana, maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9 yaliyomo katika kila wodi, hukihifadhi vizuri kwa saa 24, mradi kifike maabara ndani ya muda huo. Huo ni ufumbuzi wa bei ndogo ambao wahudumu wengi hawaujui. Chupa mbili, lebo mbili, na kwenye fomu kuandikwe wazi kila kimoja kimetoka wapi na lengelenge lina umri gani.

Kukata kwenyewe si jambo la kuogopesha. Bibi analala chali. Sehemu inasafishwa, inachomwa sindano ya ganzi ya lidokeini, na hapo ndipo anapoumia, kwa sekunde chache. Kisha kifaa chenye mdomo wa duara, upana wa milimita 4, kinazungushwa juu ya ngozi na kutoa kinyama kidogo ambacho hushikwa polepole kwa ncha ya sindano, kwa maana kibano kikikibana, lipu inaachana na tofali kabla hakijafika maabara. Inashonwa nyuzi moja au mbili. Hatari zake ni kuvuja damu kidogo na kidonda kuingia vijidudu, hivyo daktari huuliza kama mzee anameza dawa ya kulainisha damu. Kwa kawaida dawa hiyo haisimamishwi kwa kazi ndogo kama hii, ila shinikizo juu ya kidonda linakaa muda mrefu zaidi. Nyuzi zinatolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Je, pasipo na hadubini ya mng'ao? Ndiyo hali ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hakuna haja ya kuificha. Daktari bado ana njia. Kinyama cha fomalini kikionyesha mpasuko chini ya tabaka la juu pamoja na eosinofili, kwa mzee asiye na vidonda vya kinywani, asiye na makovu, na ambaye malengelenge yake hayakuanzia kichwani na shingoni, uwezekano wa pemfigoidi unakuwa mkubwa vya kutosha kumtibu. Kinyama cha pili kinaweza kusafirishwa kwenye maji ya Mikeli hadi hospitali kubwa, au damu ikapelekwa kupimwa zile kingamwili za kolajeni ya 17. Maafisa tabibu wa ngozi waliofundishwa katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda kilichopo KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, wanafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika. Penye mmoja wao, mzee apelekwe kwake badala ya kuendelea kununuliwa mafuta dukani.

Kipimo nacho kina mipaka yake. Mara chache mstari wa kijani haujitokezi mgonjwa akiwa ni wa pemfigoidi kweli, na ikiwa dalili zinaendelea kusema ndiyo, kinyama huchukuliwa upya kwenye sehemu nyingine. Mgonjwa aliyekwisha kumeza vidonge vya kutuliza kinga kwa wiki kadhaa anaweza kutoa jibu hafifu, na hii ni sababu mojawapo ya kuchukua kinyama kabla ya kidonge. Na ikiwa mzee yuko mahututi, matibabu hayasubiri maabara. Kinyama kinachukuliwa saa hiyo, dawa zinaanza siku hiyo, na majibu yakija ndipo njia inathibitishwa au kugeuzwa.

Kwa nini ninasisitiza hivi? Kwa sababu ya dawa zenyewe. Bibi wa kilo 50 akianzishiwa prednisoloni kwa kipimo kinachotumiwa sana, nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, atameza miligramu 25 kwa siku, yaani vidonge 5 vya miligramu 5, kwa wiki kadhaa, kisha atapunguziwa polepole kwa miezi mingi. Vidonge hivyo vitampandisha sukari na shinikizo la damu, vitadhoofisha mifupa yake na vitafungua mlango kwa kifua kikuu kilicholala au minyoo iliyojificha mwilini tangu alipokuwa akilima peku. Katika jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2002, kati ya wagonjwa wenye malengelenge mengi waliotibiwa kwa vidonge vya jamii hii kwa kipimo kikubwa, ni asilimia 58 tu waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja. Waliopakwa krimu kali ya klobetasoli mwili mzima walikuwa asilimia 76. Wagonjwa ni wa ugonjwa ule ule, wazee wa umri ule ule. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na madhara ya vidonge.

Ndiyo sababu, pemfigoidi ikithibitishwa, wengi huanza na klobetasoli ya kupaka. Hapa familia huhitaji maelezo, kwa kuwa kiasi chake huwashangaza. Mgonjwa mwenye malengelenge mengi anaweza kuhitaji gramu 30 hadi 40 kwa siku, ikipakwa mwili mzima isipokuwa usoni, na tyubu ndogo huisha siku hiyo hiyo. Anayepaka kidogo kidogo kwenye malengelenge peke yake, kwa kuona huruma ya gharama, hamtibu. Kupaka kunahitaji mtu wa kumpaka, na fedha, na si kila nyumba ina vyote viwili. Kwa hiyo jambo jingine linalofaa kuulizia ni doksisaiklini, dawa ya kawaida na ya bei nafuu, miligramu 200 kwa siku. Katika jaribio la Waingereza na Wajerumani la mwaka 2017, wiki 6 baada ya kuanza, asilimia 74 ya walioimeza walikuwa wamebaki na malengelenge 3 au pungufu, dhidi ya asilimia 91 ya waliomeza prednisoloni. Lakini katika mwaka mzima madhara makali yaliwapata asilimia 18 ya wa doksisaiklini, dhidi ya asilimia 36 ya wa prednisoloni. Inatibu polepole zaidi, lakini madhara yake makali ni kama nusu. Kwa bibi mwenye kisukari na kiharusi, hilo ni chaguo la kufikiriwa kwa uzito.

Sasa angalia: hakuna uamuzi hata mmoja kati ya huo unaoweza kufanywa kwa uhakika bila kujua ni ugonjwa gani. Pemfigasi haiponi kwa doksisaiklini peke yake, na ikicheleweshwa inaua. Upele haupakwi klobetasoli. Malengelenge ya miguu iliyovimba yanatibiwa kwa kuushughulikia moyo.

Bibi wetu, majibu yake yamerudi baada ya wiki mbili: mpasuko chini ya tabaka la juu, eosinofili nyingi, mstari wa kijani ulionyooka. Gliptini imebadilishwa. Anapakwa klobetasoli asubuhi na anameza doksisaiklini pamoja na chakula na maji mengi, akiwa ameketi wima ili isimuunguze koo. Malengelenge makubwa muuguzi anayatoboa pembeni kwa sindano safi na kuyaacha na paa lake, maana paa hilo ndilo bandeji bora kuliko zote, kisha anaweka vazelini na shashi isiyonata. Lengo la wiki za mwanzo ni malengelenge mapya yaache kutokea na mwasho upungue. Ugonjwa hauishi haraka. Wengi hutibiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na huweza kurudi dawa zikipunguzwa. Yanapopona, malengelenge kwa kawaida hayaachi makovu, ila ngozi hubaki na mabaka meusi kwa miezi kadhaa.

Homa, usaha, harufu mbaya, kuchanganyikiwa ghafla, au vidonda vya macho na kinywa ni sababu ya kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo. Na mzee aliyepewa prednisoloni kwa wiki kadhaa asiiache ghafla hata akijiona amepona, kwa sababu mwili wake umeacha kujitengenezea homoni yake na unaweza kuzimia.

Kama nyumbani kwako kuna mzee anayejikuna wiki hadi wiki na dawa za mwasho hazimsaidii, usisubiri malengelenge ndipo umpeleke kwa mtaalamu wa ngozi. Kama yameshatokea, chukua picha ya lililotokea leo, beba dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, na usimpake chochote kipya njiani. Daktari akisema anataka kuchukua kinyama, mkubalie. Kisha muulize kwa heshima: "Daktari, mtachukua vingapi, na kile cha pili mtakiweka kwenye maji gani?"